Shaba ingine ilienda wapi? Kulombi 1758 na gramu 0,571

Bandugu, kuko sentensi moja ambayo nimeisoma katika ripoti nyingi za labo hapa Lubumbashi, na kila nikiisoma napenda kumrudishia mwanafunzi karatasi yake. Sentensi yenyewe inasema: "Tofauti ndogo imetokana na makosa ya kupima." Halafu nukta, na ripoti imeisha. Zoezi ni lile la kupitisha umeme ndani ya maji ya salfeti ya shaba, kuhesabu chaji iliyopita, kupima shaba iliyoganda kwenye katodi, na kulinganisha. Karibu kila mara shaba inapungua kidogo kuliko hesabu. Asilimia 1, asilimia 3, siku nyingine 4. Mwanafunzi mmoja aliniuliza vizuri kuliko ripoti zote: "Yaya, kama elektroni zilipita, na shaba ingine haiko kwenye bamba, basi ilienda wapi?"

Swali lake lina jibu, na jibu linapatikana kwa vifaa ambavyo labo ya kawaida inavyo. Leo nataka tufuate ile shaba, miligramu kwa miligramu.

Kwanza hesabu yenyewe, kwa kifupi, maana wengi mnaikumbuka. Ndani ya maji, shaba iko katika hali ya ioni Cu²⁺. Ikifika kwenye katodi inapokea elektroni mbili na kuwa chuma cha kweli:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Elektroni mbili kwa kila atomu moja, njo msingi wote. Moli moja ya elektroni inabeba kulombi 96485, na moli moja ya shaba ina gramu 63,546. Basi kulombi moja inaleta gramu 63,546 ÷ (2 × 96485), yaani gramu 0,0003293. Kwa lugha ya fundi: ampea moja ikipita saa moja nzima inaweka gramu 1,186 za shaba. Faraday alitoa sheria hii mwaka 1833 na 1834, na mpaka leo hakuna aliyeikuta inakosea. Kwa hiyo shaba ikipungua tusitafute kosa kwa Faraday. Sheria yake inahesabu elektroni zilizofanya kazi ya kugandisha shaba, lakini sisi tunapima elektroni zote zilizopita kwenye waya, na tunapima shaba iliyobaki mwishoni. Kati ya hayo mambo mawili kuko nafasi ya kupoteza.

Sasa zoezi letu. Bamba za shaba tulizikata kwenye shaba ya mitrai iliyonunuliwa katika soko la komini ya Kenya. Katodi moja iliwekwa katikati na anodi mbili pembeni, ili katodi ipokee shaba pande zote mbili. Sehemu ya katodi iliyozama ilikuwa sentimita 5 kwa 5, kwa hiyo pande mbili ni sentimita mraba 50. Maji: gramu 150 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba katika lita moja, na gramu 50 za asidi ya salfuriki. Umeme ulitoka kwenye batri ya pikipiki ya volti 12. Mnajua sababu: delestaje haitangazi saa yake, na umeme ukikatika katikati ya zoezi, saa nzima imeenda bure.

Batri ilipitia resista ya kupunguza umeme mpaka ampea 0,50 hivi. Pia tuliweka kwenye njia resista ndogo ya omu 1 na kupima volti kati ya ncha zake kwa multimeta. Hii ni mbinu rahisi: kwenye omu 1, milivolti 494 maana yake ni miliampea 494. Multimeta za bei ndogo zinasoma ampea kubwa kwa hatua za miliampea 10, lakini volti ndogo zinasoma vizuri zaidi.

Katodi ilisuguliwa kwa msasa, ikaoshwa, ikapitishwa kwenye alkoli, ikakauka, ikapimwa. Baada ya hapo hakuna kuigusa kwa vidole, maana mafuta ya mkono yanafanya shaba isishike. Mizani yetu inasoma mpaka miligramu 1. Halafu tukafunga waya na kuanza kuhesabu dakika 60.

Hapa njo pale mwanafunzi wengi wanapoanguka bila kujua. Wanaangalia ampea mwanzoni, wanaona 0,50, wanazidisha na sekunde 3600, wanapata kulombi 1800. Kwa kulombi 1800 shaba ingepaswa kuwa gramu 0,593. Sisi tulipata gramu 0,571. Imepungua miligramu 22, karibu asilimia 3,7. Kama tungeandika hivyo, tungeanza kutafuta kemia ya ajabu ya kueleza miligramu 22 ambazo nyingine hazikuwahi kuwepo.

Maana umeme haukubaki 0,50. Tulikuwa tunaandika kila dakika 10, na daftari lilionyesha hivi: 0,500, 0,494, 0,490, 0,487, 0,485, 0,483, 0,482. Batri inashuka volti polepole, resista inapata moto na kuongeza ukinzani wake. Hakuna kilichoharibika, ni tabia ya vitu hivyo tu. Ili kupata chaji ya kweli, chukua nusu ya namba ya kwanza na nusu ya namba ya mwisho, ongeza namba zote za katikati, halafu zidisha na sekunde 600 za kila kipande. Kwetu jumla ilikuwa 2,930, na mara 600 inatoa kulombi 1758. Kwa chaji hiyo, shaba inayongojewa ni gramu 0,579.

Basi upungufu wa kweli siyo miligramu 22. Ni 8. Zaidi ya nusu ya "shaba iliyopotea" ilikuwa chaji ambayo haikupita.

Miligramu 8 kwa 579 ni asilimia 1,4. Je, ni kitu cha kweli? Swali hili linakuja kabla ya maelezo yoyote. Resista yetu ya omu 1 ilikuwa imeandikwa kwamba inaweza kukosea kwa asilimia 1. Kitabu cha multimeta kinasema volti zake zinaweza kukosea kwa nusu asilimia. Zikikosea zote upande mmoja, chaji yetu ina wasiwasi wa asilimia 1,5, yaani karibu miligramu 9 za shaba. Kwa maneno mengine, vifaa vya kupima umeme peke yake vinaweza kumeza upungufu wote. Mwanafunzi anayeandika "makosa ya kupima" angeweza kuwa na haki! Lakini hajui kama ana haki, na kazi yetu ni kujua.

Dawa yake inapatikana kwa kupima bamba ambazo watu wengi hawazipimi: anodi. Anodi zinatoa shaba, katodi inapokea. Elektroni ni zilezile, kwa hiyo kilichotoka kingepaswa kuwa sawa na kilichoingia. Anodi zetu mbili kwa pamoja zilipoteza gramu 0,592. Katodi ilipata 0,571. Kati yao kuko tofauti ya miligramu 21.

Angalieni vizuri kile ambacho namba hii inasema. Kama kosa lingekuwa la resista au multimeta tu, chaji ya kweli ingekuwa ndogo kuliko tulivyohesabu, na anodi pia zingepungua kidogo kuliko hesabu. Katodi na anodi zingehama upande mmoja. Zetu zimehama pande mbili tofauti: katodi iko chini ya hesabu kwa miligramu 8, anodi ziko juu ya hesabu kwa miligramu 13. Na ile 21 ya katikati haijali multimeta hata kidogo, maana imetoka kwenye mizani peke yake. Mizani inaweza kukosea miligramu 1 au 2 kwa kila upande, siyo 21. Kwa hiyo shaba kweli inaondoka kwenye bamba bila kufuata hesabu ya umeme.

Nani anaiondoa? Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Asidi ya salfuriki peke yake haiwezi kuyeyusha shaba, hii tunaifundisha sekondari. Lakini maji yaliyo wazi yana oksijeni ndani yake, na oksijeni pamoja na asidi inaweza:

2Cu + O₂ + 4H⁺ → 2Cu²⁺ + 2H₂O

Inafanya hivyo polepole kwenye kila sehemu ya shaba iliyozama, katodi na anodi. Kwenye katodi unaweza kuieleza kwa njia mbili: oksijeni inayeyusha shaba iliyokwisha kuganda, au inachukua elektroni ambazo zingegandisha shaba. Kwenye mizani ni kitu kimoja. Shaba inapungua, na multimeta haioni.

Kumjaribu mshukiwa huyu ni rahisi mpaka inashangaza. Tulichukua bamba lingine la ukubwa uleule, sentimita mraba 50, tukalizamisha katika maji yaleyale kwa saa moja, bila waya wowote. Hakuna batri, hakuna kitu. Lilitoka limepungua miligramu 3. Mwanafunzi wangu alipima mara mbili kwa sababu hakuamini. "Yaya, hatukupitisha umeme, sasa imekula nini?" Imekula hewa, ndugu yangu.

Lakini miligramu 3 kwenye mizani inayosoma mpaka 1 ni ushahidi mwembamba. Tukafanya jaribio la pili, na hili ndilo ningependa kila labo ilifanye, maana halihitaji kifaa kipya. Tuliunganisha vyombo viwili kwa kufuatana, cha kwanza halafu cha pili, kwenye waya mmoja. Umeme unaotoka kwenye chombo cha kwanza hauna njia nyingine isipokuwa kuingia kwenye cha pili, kwa hiyo chaji ni ileile kabisa, hata kama multimeta inadanganya. Maji yaleyale, muda uleule. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti: katodi ya chombo cha kwanza ilikuwa sentimita mraba 50, ya chombo cha pili 150.

Kama sheria ya Faraday ingekuwa peke yake ndani ya maji, katodi mbili zingepata uzito mmoja. Ndogo ilipata gramu 0,570. Kubwa ilipata gramu 0,563. Bamba kubwa limepata shaba kidogo! Ukifikiri kwa haraka unaweza kungojea kinyume chake, lakini oksijeni inauma kwa eneo na kwa muda, haiulizi ampea ni ngapi. Sentimita mraba 100 za ziada zimepoteza miligramu 7 zaidi. Kwa sentimita mraba 50 ni miligramu 3 na nusu, na hiyo inakaa karibu sana na zile 3 za bamba lisilo na waya. Majaribio mawili tofauti, jibu karibu moja. Hapo ndipo nilipoanza kuandika "oksijeni" bila alama ya kuuliza.

Na kuko faida ingine. Kama kila sentimita mraba 50 inagharimu miligramu 3,5, tunaweza kujiuliza katodi isiyo na eneo kabisa ingepata nini. Tunarudisha 3,5 kwenye 0,570 na kupata gramu 0,5735. Multimeta na resista zilikuwa zimetupa kulombi 1755 katika jaribio hili, yaani gramu 0,578. Pengo lililobaki ni miligramu 4 na kitu, asilimia 0,8, na liko ndani ya wasiwasi wa resista yetu. Kwa hiyo katika zile miligramu 8 za mwanzo, kama nusu hivi ni oksijeni, na nusu nyingine inaweza kuwa kifaa cha umeme, au chembe chache zilizoenda na maji ya kuoshea. Zaidi ya hapo mizani yetu haiwezi kutenganisha, na sitaki kujifanya.

Anodi zina hadithi ndefu kidogo. Zenyewe zilipungua miligramu 13 zaidi ya hesabu. Oksijeni inazila pia, na kwa sababu ziko mbili, pande zote zikihesabiwa, eneo lao ni sentimita mraba 100, basi kama miligramu 6 au 7 zimeelezwa. Zilizobaki zilikuwa chini ya chombo. Ukiacha maji yatulie unaona vumbi jekundu-jeusi limelala chini ya anodi. Tulilichuja, tukaliosha, tukalikausha, tukapata miligramu 5.

Vumbi hilo linatoka wapi? Sehemu yake ni uchafu wa shaba ya mitrai, vitu ambavyo haviyeyuki. Sehemu ingine ni mchezo wa ioni ya shaba ambayo vitabu vya sekondari vinaisahau. Atomu nyingi za anodi zinaondoka zikiwa zimeacha elektroni mbili, lakini chache zinaondoka zikiwa zimeacha elektroni moja tu, kama Cu⁺. Ioni hii haikai vizuri ndani ya maji. Mbili zikikutana, moja inampa mwenzake elektroni:

2Cu⁺ → Cu²⁺ + Cu

Mmoja anakuwa ioni ya kawaida, mwingine anarudi kuwa shaba, lakini amekwisha kuacha bamba, kwa hiyo anaanguka chini kama vumbi. Angalia hesabu yake: atomu mbili zimeondoka kwenye anodi kwa elektroni mbili tu zilizopita kwenye waya. Kwa sheria ya kawaida ingeondoka moja. Njo maana anodi inapungua kuliko hesabu, na njo maana mtu anayetaka kujua chaji anapima katodi, haamini anodi.

Mpaka hapa nimesema juu ya kupungua. Lakini nimeona pia ripoti zenye asilimia 102 na 104, na mwanafunzi anafurahi kwamba shaba imezidi. Hapana. Shaba haiwezi kuzidi elektroni zake, kwa hiyo kama imezidi, kuko kitu kwenye bamba ambacho siyo shaba. Mara nyingi ni maji. Bamba likionekana limekauka lakini likipoteza miligramu nyingine ukilipima tena baada ya dakika 10, jibu umepata. Mara nyingine ni oksidi: mtu anakausha kwa moto wa mshumaa au rishó, shaba ya rangi ya waridi inageuka kahawia, na oksijeni iliyoshikana nayo inapimwa pamoja nayo. Alkoli na hewa ya uvuguvugu inatosha.

Na kosa la upande mwingine ni haraka. Mtu anataka kumaliza kwa dakika 15, anaweka ampea 3 kwenye bamba lilelile la sentimita mraba 50. Ioni za shaba haziwahi kufika kwa kasi hiyo kwenye uso wa katodi, maji ya karibu yanakauka shaba, na kinachoganda ni unga wa kahawia nyeusi usioshika. Unaona vipovu vidogo vya hidrojeni: elektroni zimeanza kufanya kazi nyingine. Ukiosha, nusu ya matokeo inaenda kwenye sinki. Sisi tulikaa kwenye miliampea 10 kwa sentimita mraba, na shaba ilitoka laini, ya waridi, inayoshika. Wakemia wa zamani walikuwa wanabaki kati ya miliampea 2 na 20 kwa sentimita mraba, na walitia gramu 50 za alkoli katika lita ya maji kama yetu ili kupunguza kazi ya oksijeni. Ukipunguza ampea mno nayo ni hasara, maana oksijeni inaendelea kula kwa kasi yake ileile wakati shaba inaganda polepole.

Kwa nini mtu wa Katanga ajali miligramu 8? Sogeeni kidogo mpaka Likasi. Mwaka 1929, Union Minière ilianza kutoa shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, katika mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Kiwanda cha Luilu, Kolwezi, kilifuata mwaka 1960. Kule jiwe la kijani, malakiti na ndugu zake, linayeyushwa na asidi ya salfuriki, na shaba inatolewa ndani ya maji kwa umeme. Anodi yao ni ya risasi, haiyeyuki kama yetu, kwa hiyo shaba yote inatoka ndani ya maji. Lakini kwenye katodi hesabu ni ileile: elektroni mbili, atomu moja.

Kule mwizi mkubwa haitwi oksijeni, anaitwa chuma. Jiwe la Katanga lina chuma, na chuma kikiyeyuka kinakuwa ioni za aina mbili. Fe³⁺ inafika kwenye katodi, inachukua elektroni moja, inakuwa Fe²⁺. Halafu inatembea mpaka kwenye anodi, inaacha ile elektroni, inakuwa Fe³⁺ tena, na kurudi. Inabeba elektroni kwenda na kurudi kutwa nzima bila kugandisha hata chembe. Hakuna vumbi, hakuna vipovu, hakuna rangi mbaya kwenye bamba. Unaijua tu kwa kulinganisha chaji na uzito, yaani kwa zoezi lilelile la labo.

Hesabu ya bei ni hii. Kilo moja ya shaba inataka ampea-saa 843. Chombo cha aina hiyo kinafanya kazi kwenye volti 2 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka kilowati-saa 1,69 kama kila elektroni inafanya kazi yake. Kama ni asilimia 90 tu zinazofanya kazi, inapanda mpaka 1,87. Kwa tani moja tofauti ni kilowati-saa 187 zilizolipwa bila shaba yoyote. Katika mkoa ambao umeme haumtoshi kila mtu, namba hiyo inasomwa mara mbili.

Nimalizie na jambo ambalo lilinipendeza mimi mwenyewe. Tulianza tukitumia multimeta kuhukumu shaba, na tukaishia shaba ikihukumu multimeta: resista na multimeta zinaweza kukosea asilimia 1,5, lakini katodi iliyosahihishwa kwa eneo lake ilikuwa na wasiwasi wa miligramu 2 au 3 tu, karibu nusu asilimia. Huo siyo mchezo wa labo yetu peke yake. Mkutano wa wanasayansi wa umeme huko Chicago mwaka 1893, na ule wa London mwaka 1908, walieleza ampea yenyewe kwa njia hii: umeme usiobadilika ambao unagandisha gramu 0,001118 za fedha kwa sekunde moja kutoka kwenye maji ya nitrati ya fedha. Ampea ya dunia nzima ilikuwa inakaa juu ya mizani namna hiyo mpaka mwaka 1948. Walichagua fedha, hawakuchagua shaba, na sasa mnaweza kukisia sababu: ioni ya fedha inachukua elektroni moja tu, haina mchezo wa ioni mbili, na asidi yenye hewa haiigusi kirahisi kama inavyogusa shaba yetu.

Kwa atakayerudia zoezi hili: pimeni anodi pia, na wekeni bamba moja ndani ya maji bila waya. Muhula huu sisi tunataka kutia msumari ulioyeyushwa katika chombo cha pili, na kuacha cha kwanza bila chuma, vyote kwenye waya mmoja. Kwanza tutakigeuza chuma kiwe Fe³⁺ kwa peroksidi ya hidrojeni. Tutaona katodi ya pili itapungua kwa miligramu ngapi.